Meiden ova, lbw, daki na gugli: jinsi ya kumfuata mtangazaji wa kriketi hatua kwa hatua

Mtu aliyezoea soka akifungua runinga akutane na kriketi hupotea ndani ya dakika chache. Mchezo anauona, lakini mtangazaji anasema mambo ambayo jicho halijui yako wapi. Katika mwongozo huu nimechagua maneno manne ambayo huwezi kusikiliza mechi hata moja bila kuyasikia, na nitayaeleza kwa kutumia mechi halisi.

Mechi yenyewe ni Kenya dhidi ya Australia, tarehe 15 Machi 2003, uwanja wa Kingsmead mjini Durban, katika Kombe la Dunia. Kenya ilishindwa, lakini ndani ya siku hiyo kulikuwa na meiden ova, lbw na daki, na mtu aliyezileta karibu zote ni mzaliwa wa Mombasa, Aasif Karim. Gugli tutaifuata London, mwaka 1948, kwa sababu Karim hakuwa mrushaji wa aina hiyo.

Hatua ya 1: Jua nani amesimama wapi

Katikati ya uwanja kuna ukanda mwembamba wa udongo ulioshindiliwa, urefu wake kama mita 20. Huo ndio pichi. Kila ncha ya pichi ina vijiti vitatu vilivyosimama, na juu yake vimelazwa vijiti viwili vidogo. Seti hiyo huitwa wiketi. Mrushaji hukimbia kutoka ncha moja na kurusha mpira kuelekea ncha ya pili, mkono ukiwa umenyooka. Kwa kawaida mpira hudunda mara moja kabla ya kumfikia mpigaji, ambaye ameshika bati na anailinda wiketi iliyo nyuma yake.

Wapigaji huwa wawili uwanjani kwa wakati mmoja, mmoja kila ncha. Mpira ukipigwa na wote wakafanikiwa kukimbia na kubadilishana ncha, timu imepata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa ardhi ni mikimbio 4, ukivuka hewani ni 6. Mpigaji akitolewa, kwa mfano mpira ukivunja wiketi yake, yaani ukiangusha vijiti vile vidogo, au ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, watu husema wiketi imeanguka, na mwenzake mwingine anaingia. Timu ina wachezaji 11, na kwa kuwa lazima wapigaji wawe wawili, wiketi ya kumi ikianguka zamu ya timu hiyo imekwisha.

Kwa hiyo ukiona 174/8 soma hivi: mikimbio 174, wiketi 8 zimeanguka. Hayo ndiyo matokeo ya Kenya siku ile Durban. Waaustralia wana desturi ya kugeuza, wakaandika 8/174, basi usishtuke ukiikuta hivyo.

Kuna jambo moja zaidi la kushika hapa, maana bila hilo lbw na gugli havitaeleweka kamwe. Mpigaji hasimami akimtazama mrushaji uso kwa uso. Husimama ubavu, bega likimwelekea mrushaji. Upande ambao kifua chake kinautazama huitwa ofu. Upande ulio nyuma ya mgongo wake huitwa legi. Akija mpigaji wa mkono wa kushoto, ofu na legi zinabadilishana pande za uwanja, lakini kanuni ya kifua na mgongo haibadiliki. Kila mara mtangazaji anapotaja ofu au legi, tazama kwanza mpigaji amesimamaje.

Hatua ya 2: Hesabu mipira sita, uipate meiden ova

Mrushaji mmoja hurusha mipira 6 kutoka ncha moja, kisha mwenzake anarusha 6 kutoka ncha ya pili. Kila kundi la mipira sita ni ova. Mrushaji haruhusiwi kurusha ova mbili mfululizo. Mechi ya siku moja ya kimataifa huwa na ova 50 kwa kila timu, na ile fupi ya T20 ina ova 20.

Ova ambayo mrushaji hakutozwa mkimbio hata mmoja ndiyo meiden ova, au meiden tu. Mpira mmoja mmoja usioleta mkimbio huitwa doti, kwa sababu mwandika matokeo huweka nukta kwenye daftari lake. Ukisikia mtangazaji anahesabu doti ya tatu, ya nne, ya tano, jua anaiona meiden inakuja.

Hapa pana mtego unaowakwaza hata waliofuata mchezo kwa muda. Mpira uliorushwa nje ya uwezo wa mpigaji kuufikia ni waidi, na mpira uliorushwa kinyume cha sheria, kwa mfano mrushaji akikanyaga kupita mstari, ni noboli. Vyote viwili huipa timu inayopiga mkimbio wa bure, huandikwa kwenye deni la mrushaji, na lazima mpira ule urudiwe. Kwa hiyo waidi moja huvunja meiden, na ova hiyo itakuwa na mipira saba. Lakini mpira ukimpita mpigaji na kipa anayesimama nyuma ya wiketi, au ukimgonga mpigaji mwilini, kisha wapigaji wakakimbia, mikimbio hiyo inaingia kwa timu bila kuandikwa kwa mrushaji. Huitwa bai na legi-bai. Ndiyo maana unaweza kuona jumla ya timu imepanda katikati ya ova na bado mtangazaji akatangaza meiden. Hajakosea.

Sasa soma takwimu za mrushaji. Hutolewa kwa namba nne zilizofuatana: ova alizorusha, meiden, mikimbio aliyotozwa, na wiketi alizochukua. Siku ile Durban, Aasif Karim alimaliza hivi:

8.2-6-7-3

Anza na 8.2. Hiyo si nane na sehemu mbili za kumi. Ni ova nane kamili na mipira miwili ya ova ya tisa, yaani mipira 50. Baada ya nukta hutaona namba iliyozidi 5, kwa kuwa mpira wa sita unaikamilisha ova. Kati ya ova zake nane kamili, 6 zilikuwa meiden. Mikimbio yote 7 aliyotozwa ilitokana na ova mbili zilizobaki na ile mipira miwili ya mwisho. Na kwa mipira hiyo 50 alichukua wiketi 3 za mabingwa watetezi wa dunia.

Ukubwa wa jambo hilo unaonekana ukilipima na mechi yenyewe. Australia ilifika 178/5 kwa ova 31.2, maana yake kwa wastani ilikuwa ikikusanya zaidi ya mikimbio 5 kwa kila ova. Adam Gilchrist peke yake alipata 67. Karim, mwenye umri wa miaka 39, ambaye alikuwa amestaafu kisha akarudi kuisaidia timu, alirusha mpira wa mzunguko wa polepole kwa mkono wa kushoto, akidondosha mahali palepale mpira baada ya mpira. Mpira unaodunda pale ni mfupi kidogo kwa mpigaji kuufuata mbele, na mrefu kidogo kwake kurudi nyuma akaupige kwa nafasi. Hapo ndipo meiden hupatikana: kwa kurudia, wala si kwa kasi.

Mtangazaji huisifu meiden kwa sababu inamlazimisha mpigaji achague. Ama aendelee kuzuia na huku ova zinaisha, ama ajaribu pigo la hatari. Kwa hiyo wiketi nyingi huanguka katika ova inayofuata meiden, mara nyingine kwa mrushaji wa ncha ya pili ambaye hata hakufanya jambo la ajabu. Ikiwa ndani ya ova ileile isiyo na mkimbio kuna mpigaji aliyetolewa, utasikia wiketi meiden, na wakitolewa wawili, dabo wiketi meiden. Katika T20, ambako wapigaji hawana muda wa kusubiri, meiden ni adimu sana, na sauti ya mtangazaji itakwambia hivyo.

Hatua ya 3: Daki, na aina zake

Mpigaji aliyetolewa kabla ya kupata mkimbio hata mmoja amepata daki. Asili yake ni yai la bata, kwa umbo la sifuri inayoandikwa mbele ya jina.

Neno la muhimu hapo ni aliyetolewa. Mpigaji aliyebaki na sifuri kwa sababu zamu ya timu imekwisha, na yeye bado yuko uwanjani, hana daki. Kwenye kadi ya matokeo ataandikwa `not out`.

Kuna madaraja. Akitolewa kwa mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa, ni daki ya dhahabu. Akitolewa bila kurushiwa mpira wowote, kwa mfano mwenzake kaita mkimbio naye akashindwa kufika ncha ya pili kabla wiketi haijavunjwa, watangazaji wengi huiita daki ya almasi. Katika mechi za Testi, ambako kila timu hupiga zamu mbili, mtu akipata daki zote mbili amepata peya.

Durban ilianza vibaya kwa Kenya katika eneo hilihili. Brett Lee, mrushaji wa kasi wa Australia, alichukua wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, jambo linaloitwa hetitriki kama ilivyo kwenye soka. Kennedy Otieno, aliyefungua zamu, alitoka akiwa na mkimbio 1. Akaingia Brijal Patel, akatolewa. Akaingia David Obuya, akatolewa. Fikiria sasa maana yake: kama mipira ile ilifuatana, basi Patel na Obuya kila mmoja alitolewa na mpira wa kwanza aliorushiwa. Hetitriki ikikata wapigaji wapya namna hiyo, daki za dhahabu huja pamoja nayo, na unaweza kulijua hilo kabla mtangazaji hajalitaja. Steve Tikolo, nahodha, ndiye aliyeinyanyua timu kutoka shimo hilo kwa mikimbio 51.

Hatua ya 4: lbw, kwa maswali matano

Hili ndilo neno linalowachosha wageni wengi, na ndilo ninalotaka tukae nalo zaidi. Kwenye kadi utaona `lbw`, na watangazaji hutamka herufi tatu, el-bi-dabliu. Wazo lake ni la haki: mpigaji ana bati la kuilindia wiketi, haruhusiwi kuilinda kwa mguu. Mpira ambao ungeigonga wiketi lakini ukazuiwa na mwili wake unaweza kumtoa.

Husemwa mguu kwa kuwa pedi ya mguuni ndiyo hupigwa mara nyingi, lakini sheria inahusu mwili wote. Mwaka 1999 huko Adelaide, Sachin Tendulkar, mpigaji wa India, aliinama kuukwepa mpira wa Glenn McGrath wa Australia akidhani utaruka juu. Haukuruka. Ulimgonga begani, na mwamuzi akamtoa kwa lbw akiwa na sifuri. Kiungo pekee kinachosalimika ni mkono ulioshika bati, maana sheria inauhesabu kuwa sehemu ya bati.

Mwamuzi haruhusiwi kumtoa mpigaji kwa lbw hadi timu inayorusha iulize. Ndiyo sababu ya kelele zile za wachezaji wote, hauzati, huku wamemgeukia mwamuzi aliyesimama nyuma ya wiketi ya upande wa mrushaji. Akinyanyua kidole kimoja, mpigaji ametoka. Akitikisa kichwa au akibaki kimya, mchezo unaendelea.

Kabla ya kunyanyua kidole, mwamuzi amepitia maswali matano. Yapitie na wewe kwa mpangilio huu, na ukikuta jibu linalomwokoa mpigaji, simama hapo, usiendelee.

Kwanza, je, mpira ulikuwa halali? Noboli haiwezi kuleta lbw.

Pili, mpira ulidunda wapi? Vuta kwa mawazo ukanda kutoka wiketi moja hadi nyingine, wenye upana wa wiketi yenyewe. Mpira ukidunda ndani ya ukanda huo, endelea. Ukidunda nje upande wa ofu, endelea. Ukidunda nje upande wa legi, yaani nyuma ya mgongo wa mpigaji, mambo yamekwisha, hatoki, hata kama mpira ungeivunja wiketi katikati. Swali hili ndilo watazamaji wapya hulisahau, kisha wakamlaumu mwamuzi. Ikiwa mpira haukudunda kabisa bali ulimfikia hewani, ruka swali hili.

Tatu, je, mpira uligusa bati kwanza? Mguso mdogo sana unatosha kumwokoa. Kwenye marudio ya runinga utaona mstari wa sauti chini ya picha, na ukichomoza mwiba pale mpira unapopita karibu na bati, basi paliguswa.

Nne, mpira ulimgonga akiwa wapi? Lazima mahali ulipomgonga pawe ndani ya ule ukanda. Kama ulimgonga nje upande wa ofu, ameokoka, lakini kwa sharti kwamba alikuwa akijaribu kwa dhati kuupiga. Mpigaji aliyeinua bati juu na kuutanguliza mguu tu hana kinga hiyo. Mtangazaji akisema mpigaji hakucheza pigo, anakuandaa kwa sababu hiyo.

Tano, je, mpira ungeigonga wiketi? Hapa kuna namna mbili za kukosa. Unaweza kuwa unapita pembeni, na watangazaji husema unaelekea chini ya legi. Au unaweza kuwa umepanda sana, hasa ukimgonga juu ya goti. Kwa mrushaji wa kasi kwenye pichi ngumu, mpira uliogonga paja karibu kila mara ungepita juu ya vijiti.

Ikiwa majibu yote yako wazi kiasi kwamba hakuna mjadala, mtangazaji atasema plam. Maana yake hata mpigaji mwenyewe amejua.

Siku hizi nahodha au mpigaji anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, mara chache kwa kila zamu. Skrini huonyesha mistari mitatu: `PITCHING` ni swali la pili, `IMPACT` ni swali la nne, `WICKETS` ni la tano. Mguso wa bati huwa umekwisha kuangaliwa kabla ya hapo. Linalochanganya watu ni `UMPIRE'S CALL`. Hutokea pale mashine inapoona ni chini ya nusu ya mpira iliyogusa eneo linalohusika, kwa mfano ukingo wa mpira tu ungeparuza kijiti cha pembeni. Hapo uamuzi wa awali wa mwamuzi unabaki ulivyo. Kwa hiyo mipira miwili inayofanana kabisa inaweza kuleta matokeo tofauti, mmoja ametoka na mwingine hajatoka, kwa sababu tu mwamuzi aliamua tofauti mwanzoni. Wapo wanaoona hilo ni dhuluma. Mimi naona ni sawa, kwa kuwa njia ya mpira baada ya kugonga pedi ni makisio, na makisio ya karibu hivyo hayatoshi kumpindua mtu aliyekuwa amesimama pale.

Mwaka 2003 haki ya kuomba marudio haikuwapo. Ricky Ponting, nahodha wa Australia, alikuwa na mikimbio 18 Durban alipogongwa na mpira wa Karim na kidole kikanyanyuliwa. Kadi inasema hivi:

`Ponting lbw b Karim 18`

Herufi `b` inamtaja mrushaji anayepewa wiketi hiyo. Waliofuata kwa Karim walikuwa Darren Lehmann, aliyedakwa na kipa Kennedy Otieno akiwa na 2, na Brad Hogg. Mstari wa Hogg ni `c & b Karim 0`: mrushaji mwenyewe aliudaka mpira uliopigwa, na sifuri ile mwishoni, kama unavyojua sasa, ni daki. Australia ikawa 117/5, kabla Andrew Symonds na Ian Harvey hawajaimalizia kazi.

Neno moja kuhusu waamuzi, kwa kuwa ni kisa cha hapahapa Nairobi. Mwaka 2006 Kenya ilicheza na Bangladesh, na mwamuzi alikuwa Subhash Modi. Mpigaji wa Kenya, Hitesh Modi, aligongwa pedi, warushaji wakauliza, na mwamuzi akanyanyua kidole. Hitesh ni mwanawe wa kumzaa.

Hatua ya 5: Gugli, tazama mkono

Warushaji wa polepole hutegemea mzunguko. Mpira ukizungushwa hewani, ukigusa ardhi hubadili mwelekeo. Wengine, kama Karim, huuzungusha kwa vidole. Wengine huuzungusha kwa kifundo cha mkono, na mrushaji wa mkono wa kulia wa aina hii huitwa legi-spina. Collins Obuya alikuwa mmoja wao, na katika Kombe hilohilo, tarehe 24 Februari 2003 kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24 na Kenya ikaishinda Sri Lanka.

Mpira wa kawaida wa legi-spina, ukirushwa kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ukidunda hutoka upande wa legi kwenda ofu, yaani unamkimbia mpigaji. Gugli hurushwa na mtu huyohuyo, kwa mbio zilezile na mkono unaoinuka vilevile, lakini ukidunda unaingia ndani, kutoka ofu kumwelekea mpigaji. Mwingereza Bernard Bosanquet ndiye aliyeibuni mnamo mwaka 1900, baada ya kuichezea mezani na mpira wa tenisi. Australia waliiita bozi kwa jina lake, na hadi leo watangazaji wa huko wanapenda zaidi kusema rongan. Ukisikia rongan, ni gugli ileile.

Siri yote iko kwenye kifundo. Katika mpira wa kawaida, mkono unapouachia mpira, mpigaji huona zaidi upande wa kiganja na ukingo wa mkono. Katika gugli, kifundo kimekwisha kugeuka kupita hapo, kiasi kwamba mgongo wa mkono ndio unaomtazama mpigaji, na mpira unatokea juu, upande wa kidole kidogo. Runinga ikirudia picha kwa mwendo wa taratibu kutoka mbele, usitazame mpira, kodolea macho kifundo. Ukiona mgongo wa mkono pale mpira unapoachiwa, hiyo ni gugli, na unaweza kulitaja kabla haujadunda. Dalili nyingine ni kwamba mara nyingi hupaa juu kidogo zaidi na kuwa polepole kidogo.

Mpigaji asiyeuona mkono hutabiri mpira utamkimbia, basi hulipeleka bati mbele kuufuata upande wa ofu. Mpira unageukia ndani na kupita katika nafasi kati ya bati na pedi, ukaivunja wiketi. Nafasi hiyo watangazaji huiita geti. Au ukigonga pedi, hapo lbw inaingia, na sasa utaona kwa nini nilikuambia ushike ofu na legi. Mpira wa kawaida wa legi-spina mara nyingi hudunda nje upande wa legi au hugeuka na kuipita wiketi upande wa ofu, hivyo unashindwa swali la pili au la tano. Gugli hudunda nje upande wa ofu, mahali sheria inaporuhusu, kisha huingia kwenye ukanda na kuelekea wiketi. Maswali yote yanapita.

Kwa mpigaji wa mkono wa kushoto kila kitu kinageuka: mpira wa kawaida ndio unaoingia, gugli ndiyo inayomkimbia, na hatari yake huwa ni kudakwa na kipa zaidi ya lbw.

Gugli ina gharama zake. Ni ngumu kuidhibiti, na ikidondoka fupi mno inakaa, mpigaji anapata muda wa kuisubiri na kuipiga hadi mpakani. Mrushaji akiitumia mno, wapigaji huanza kuisoma, na mara nyingine kifundo huzoea mkao ule hadi mpira wake wa kawaida unapungua mzunguko. Walio bora huificha kwa ova kadhaa, wakamzoesha mpigaji mpira unaotoka nje, ndipo waitoe.

Tarehe 14 Agosti 1948, uwanja wa The Oval mjini London, Don Bradman wa Australia aliingia kupiga katika Testi yake ya mwisho. Alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake wa maisha ufike 100. Waingereza wote uwanjani walimpigia hoi hoi. Mrushaji alikuwa Eric Hollies, legi-spina. Mpira wa kwanza Bradman aliuzuia. Wa pili ulikuwa gugli. Uliingia ndani, ukaivunja wiketi.

Ni daki, lakini si ya dhahabu, maana ulikuwa mpira wa pili. England ilikuwa imetolewa kwa mikimbio 52 katika zamu yake ya kwanza, na Australia ikashinda bila kuhitaji kupiga tena, hivyo Bradman hakupata zamu nyingine. Katika maisha yake ya Testi alipata mikimbio 6996 na kutolewa mara 70. Gawanya, utapata 99.94, namba ambayo wapenzi wa kriketi huitaja bila hata kusema ni ya nani.

Kadi ya siku ile inasema `b Hollies 0` na kuishia hapo. Kadi haiandiki gugli, wala haisemi mpira uligeukia wapi. Utaona meiden, utaona `lbw`, utaona sifuri, lakini hili la nne ni lazima ulipate kwa mtangazaji au kwa macho yako, kwenye kifundo cha mrushaji.